Mauzo ya Februari yalibadilika mwezi Mei: yaliyonikuta na tarehe za tebo ya wateja

Ilianza na dada wa idara ya fedha kunifuata mezani ana karatasi mbili mkononi. Zote ripoti ya mauzo kwa kanda, zote za Februari 2023, moja kaprinti mwezi Machi na nyingine kaprinti asubuhi ileile ya Mei. Jumla ya chini inafanana kabisa ila ukiangalia kanda moja moja hazifanani, Kaskazini imepungua na Mashariki imeongezeka. "Kaka, Februari si tulishaifunga? Nani kaigusa?"

Mi nikaapa hakuna mtu aliyegusa chochote, na kweli hakuna aliyegusa mauzo. Kilichoguswa ni wateja. Kwenye ghala letu la data tebo ya mauzo ilikuwa na namba ya mteja tu, kanda ilikuwa inatoka kwenye tebo ya wateja, na kila usiku skripti yangu ilikuwa inachukua taarifa za wateja kutoka kwenye mfumo wa mauzo na kuandika juu ya zile za zamani. Kwaiyo mteja akihama kutoka Kaskazini kwenda Mashariki mwezi Aprili, basi kesho yake oda zake zote tangu aanze kununua zimehama naye, hadi za miaka miwili nyuma. Ripoti haikuwa inajibu "Februari kila kanda iliuza kiasi gani", ilikuwa inajibu "wateja ambao leo wapo kanda hii walinunua kiasi gani Februari", na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa ila kwenye skrini yana kichwa kimoja.

Dawa yake inajulikana miaka mingi, mtaalamu wa maghala ya data Ralph Kimball aliipa jina la aina ya 2: hufuti mstari wa mteja, unaufunga kwa tarehe na kufungua mwingine. Mteja mmoja anakuwa na mistari kadhaa, kila mmoja una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kila mstari una namba yake ambayo inatolewa na ghala lenyewe, tofauti na namba ya mteja. Nitaiita namba ya ghala. Ukisoma hivi unaona ni kazi ya siku mbili, na mi ndo nilivyomwambia bosi, siku mbili.

Nianze na kosa dogo la siku ya kwanza, nilimaliza nalo haraka. Nilipotengeneza tebo mpya, kila mteja nikampa mstari mmoja wenye `valid_from` ya siku ile ile ya Mei niliyoijenga, maana kwa akili yangu historia inaanza leo. Nikajoini na mauzo kwa tarehe, mauzo yote ya kabla ya Mei yakapotea, bila eror wala nini, yaani ripoti imetoka safi kabisa ila haina mwaka jana. Bila shaka, oda ya Februari inatafuta mstari wa mteja ulio hai Februari na haupo. Mstari wa kwanza wa kila mteja ukaanza 1900-01-01 na nikawaambia watu wa fedha wazi kwamba kabla ya Mei hatuna historia, kanda mnayoiona huko nyuma ni ile tuliyoikuta siku tunaanza. Walinuna kidogo ila ndo ukweli, kilichoandikwa juu kimeshafutika.

Sasa twende kwa mteja mmoja, namwita C-2087, maana huyu peke yake kanifundisha karibu kila kitu.

C-2087 alikuwa Kaskazini, kundi lake rejareja. Tarehe 1 Septemba 2023 akahamia Mashariki. Skripti ikaona tofauti, ikafunga mstari wa zamani na kufungua mpya, tebo ikawa hivi:

```
id   mteja_id  kundi     kanda      valid_from  valid_to
101  C-2087    rejareja  Kaskazini  1900-01-01  2023-09-01
388  C-2087    rejareja  Mashariki  2023-09-01  9999-12-31
```

Hiyo 9999-12-31 ni ya mstari ambao bado upo hai. Najua wengine wanaacha NULL, na si kosa, ila ukilinganisha tarehe na NULL jibu si ndiyo wala si hapana, mstari unaachwa nje kimyakimya, na kila anayeandika kweri lazima akumbuke kuishughulikia. Kwenye timu yetu watu wanne wanaandika kweri na sikuamini kama wote wanne watakumbuka kila siku, mimi nikiwa wa kwanza kusahau.

Tebo ipo sawa. Tatizo lilikuwa kwenye kweri niliyowapa watu:

```sql
ON  m.mteja_id = d.mteja_id
AND m.muda_wa_oda BETWEEN d.valid_from AND d.valid_to
```

Miezi minne ilipita hakuna aliyesema kitu. Mwanzoni mwa Oktoba tunafunga robo ya Julai mpaka Septemba, dada wa fedha yuleyule (huyu mtu ana macho, nasema kweli) akasema oda za ripoti zimezidi zile za mfumo wa mauzo. Nikahesabu tebo ya mauzo peke yake bila kujoini na chochote, nikapata oda 48,212. Nikahesabu baada ya kujoini na wateja, nikapata 48,275. Oda 63 zimezaliwa kwenye joini.

Nikazitoa zile zilizojirudia nikaziangalia. Zote zimewekwa siku ambayo mteja kabadilika, na zote zina saa 00:00:00, maana kuna njia moja ya kuingiza oda kwa faili ambayo inaleta tarehe bila saa. Oda ya C-2087 ya 2023-09-01 00:00:00 inaingia kwenye mstari wa 101 kwa sababu BETWEEN inakubali ncha zote mbili, na inaingia kwenye 388 kwa sababu hiyohiyo. Oda moja, mistari miwili, inahesabiwa Kaskazini na inahesabiwa Mashariki.

Hapa nikafanya kitu ambacho naamini wengi wanafanya. Nikasema rahisi tu, mstari wa zamani tuufunge siku moja nyuma, 2023-08-31, mpya uanze 2023-09-01, hazigusani tena. Nikarun, nikahesabu: 48,151. Sasa zimepungua 61 chini ya ukweli! Nilikaa natazama ile namba kama mtu aliyeibiwa na anamjua mwizi.

Ukweli ni kwamba `valid_to` ya 2023-08-31 ikilinganishwa na muda wenye saa inasomeka kama saa sita usiku ya kuanza tarehe 31, sio mwisho wa siku. C-2087 aliweka oda tarehe 31 Agosti saa 14:20. Mstari wa 101 umekufa saa 00:00 ya siku hiyo, 388 utazaliwa kesho yake. Siku nzima ya tarehe 31 mteja huyu hana mstari, na joini ya kawaida ikikosa mwenza inaitupa oda. Kwaiyo nimetoka kuhesabu mara mbili nikaenda kupoteza, na kwangu kupoteza ni kubaya zaidi kwa sababu kitu kilichozidi mtu anakiona, kilichokosekana hakipigi kelele. Kuna wanaomalizia kwa kuandika 23:59:59, ni kuhamisha shimo tu, oda ikiwa na sehemu za sekunde inadondokea humo humo.

Kilichonitoa ni kurudisha tarehe zifanane kama mwanzo, mwisho wa mmoja ndo mwanzo wa mwingine, ila mwanzo umo na mwisho haumo:

```sql
ON  m.mteja_id = d.mteja_id
AND m.muda_wa_oda >= d.valid_from
AND m.muda_wa_oda <  d.valid_to
```

Alama moja tu, `<` badala ya `<=`. Oda ya tarehe 31 saa 14:20 ipo ndani ya 101, oda ya tarehe 1 saa 00:00 ipo ndani ya 388 peke yake, hakuna shimo na hakuna kugongana, hata tarehe ziwe na saa au zisiwe nayo. Nikahesabu, 48,212. Kuna faida nyingine niliiona baadaye: ukiwa na mtindo huu, kukagua tebo nzima inakuwa swali jepesi sana, kila `valid_to` lazima ilingane na `valid_from` inayofuata ya mteja huyohuyo, na wa mwisho lazima awe 9999-12-31.

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT mteja_id, id, valid_from, valid_to,
         LEAD(valid_from, 1, DATE '9999-12-31')
           OVER (PARTITION BY mteja_id
                 ORDER BY valid_from) AS inayofuata
  FROM dim_mteja
) t
WHERE valid_to <> inayofuata;
```

Hii inarun kila asubuhi baada ya skripti. Ikirudisha mstari hata mmoja, dashibodi hazipandi. Ilishaniokoa siku skripti ilipokata katikati, imefunga mistari ya zamani ya wateja kadhaa na kabla haijafungua mipya kumbukumbu ya seva ikajaa, asubuhi wale wateja hawana mstari ulio hai. Baada ya siku ile kufunga na kufungua nikaviweka ndani ya transaksheni moja, ama vyote vinaingia ama hakiingii kitu. Wanaotumia PostgreSQL wanaweza kuiambia databesi yenyewe ikatae vipindi vinavyopandana, kwa `EXCLUDE USING gist` kwenye `daterange`, na hiyo `daterange` kwa kawaida yake inahesabu hivyohivyo, mwanzo umo, mwisho haumo. Ila kumbuka inazuia kupandana tu, mashimo haiyaoni, kwaiyo ule ukaguzi hauwezi kuuacha.

Nikabadilisha na kitu kingine hapo hapo. Nikaacha kuwaambia watu wajoini kwa tarehe. Oda inapoingia kwenye ghala, skripti inatafuta mara moja mstari wa mteja uliokuwa hai wakati wa oda na kuandika namba yake ya ghala kwenye oda. Kuanzia hapo mtu wa ripoti anajoini kwa `id` tu, hana sababu ya kujua tarehe zinafanyaje kazi, na zile oda za nyuma nikazijaza zote kwa kweri moja.

Nikajiona mjanja sana kwa wiki kama tano hivi.

Novemba kuna mtu wa mauzo akaleta orodha. Kumbe kuna wateja walishapandishwa kutoka rejareja kwenda jumla miezi mingi nyuma, mikataba imesainiwa, ila fomu zilikaa mahali hakuna aliyeziingiza kwenye mfumo. C-2087 yumo, ni wa jumla tangu tarehe 10 Juni 2023. Wakaziingiza zote siku moja, tarehe 14 Novemba, na skripti yangu usiku ule ikafanya kile nilichoifundisha: ikaona kundi limebadilika, ikafunga 388 tarehe 14 Novemba na kufungua mpya wa jumla kuanzia hapo. Ukaguzi wa asubuhi ukapita bila shida. Tebo haina shimo, haina kugongana, ila inadanganya.

Maana mi nilikuwa natumia tarehe skripti ilipoona mabadiliko, nikiichukulia kama tarehe mabadiliko yalipotokea. Siku nyingi zinafanana, au zinapishana usiku mmoja, ndo maana sikuwahi kujiuliza. Hapa zimepishana miezi mitano. Kwenye mfumo wa mauzo kulikuwa na sehemu ya kujaza tarehe ya mkataba kuanza, ipo siku zote, mi sikuwahi kuivuta kwenye ghala kwa sababu hakuna aliyeniomba.

Kurekebisha nikajua ni kubadili tarehe moja, sio hivyo. Ngoja niuoneshe taratibu. Nilianza kwa kuutoa ule mstari wa 14 Novemba, zile oda chache zilizokuwa zimeshaunganishwa nao nikazirudisha 388. Tumebaki na ile mistari miwili ya juu. Tarehe 10 Juni inaangukia katikati ya 101, kwaiyo 101 lazima ukatwe: unaishia 10 Juni ukiwa rejareja Kaskazini, halafu unazaliwa mpya wa jumla Kaskazini kuanzia 10 Juni mpaka 1 Septemba. Hapo watu wengi wanaishia, na hata mi niliishia hapo mara ya kwanza. Lakini 388 bado unasema rejareja! Ulipozaliwa Septemba ulinakili kundi kutoka kwa 101, na 101 wakati ule haukujua. Ukiuacha, mteja anaonekana kapanda kuwa jumla Juni halafu akashuka tena Septemba alipohama, kitu ambacho hakijatokea. Taarifa iliyochelewa lazima uibebe mbele kwenye kila mstari unaofuata mpaka ukutane na mstari ambao kundi lenyewe lilibadilishwa kweli.

```
id   mteja_id  kundi     kanda      valid_from  valid_to
101  C-2087    rejareja  Kaskazini  1900-01-01  2023-06-10
512  C-2087    jumla     Kaskazini  2023-06-10  2023-09-01
388  C-2087    jumla     Mashariki  2023-09-01  9999-12-31
```

388 nikaurekebisha palepale bila kuupa namba mpya, kwa sababu haukuwa kweli hata siku moja, ni kosa na sio historia. Na bado kuna oda. Zile za kuanzia 10 Juni mpaka kabla ya 1 Septemba zina namba 101 ndani yake, nilishaziandika kabisa, kumbuka ule ujanja wangu wa kuhifadhi namba ya ghala. Zinatakiwa zielekezwe 512:

```sql
UPDATE mauzo
SET    dim_mteja_id = 512
WHERE  dim_mteja_id = 101
AND    muda_wa_oda >= '2023-06-10'
AND    muda_wa_oda <  '2023-09-01';
```

Hii ndo gharama ya kujoini mara moja, na nikiulizwa leo bado nitaichagua, ila usichague bila kujua kwamba siku moja utarudi nyuma kuzihamisha oda. Tena ule ukaguzi wa tarehe hauwezi kukuonesha ukisahau. Nikaongeza wa pili, unatafuta oda ambayo muda wake haupo ndani ya kipindi cha mstari uliounganishwa nao. Mara ya kwanza nilipourun ukarudisha oda 212, zote za wateja wa ile orodha ambao nilikata mistari yao kwa mkono usiku nikiwa nimechoka.

Baada ya hapo skripti inasoma tarehe ya mkataba kama ipo, isipokuwepo inatumia tarehe ya mabadiliko kuonekana, na kuna kolamu inayosema ni ipi kati ya hizo mbili imetumika. Tarehe ya mkataba ikiwa nyuma zaidi ya siku 7 skripti haigusi kitu, inamweka mteja pembeni na kunitumia ujumbe, kwa sababu watu wanakosea kuandika mwaka na sitaki mtu mmoja akiandika 2013 badala ya 2023 nikate historia ya miaka kumi.

Kwa pembeni tu, sio kila kitu cha mteja kinastahili historia. Mwanzoni niliweka kila kolamu, hadi ile ya mara ya mwisho kuingia kwenye akaunti, na wateja 12,000 wakawa mistari 190,000 ndani ya wiki chache kwa sababu kila aliyeingia kapata mstari mpya. Namba ya simu, barua pepe, jina lililokosewa herufi, hivyo naandika juu tu. Historia ninaweka kwa kanda, kundi na msimamizi wa mteja, maana hivyo vitatu ndo watu wanagawanya mauzo kwavyo.

Kilichobaki ni yule dada wa fedha. Nilipomaliza kurekebisha Novemba nikamfuata mwenyewe kabla hajanifuata, nikamwambia robo ya Julai mpaka Septemba imebadilika kwa kundi, rejareja imepungua na jumla imepanda, na safari hii ndo sahihi. Akanitazama. "Kwaiyo ile niliyoipeleka kwa wakurugenzi Oktoba ilikuwa ya uongo?" Nikamwambia ilikuwa ya kweli kwa tulichokijua Oktoba. Akasema sawa, basi nataka nikiomba niione ile ya Oktoba kama ilivyokuwa, na nikiomba niione ya sasa.

Na hilo tarehe mbili haziwezi. `valid_from` na `valid_to` zinasema jambo lilikuwa kweli lini, hazisemi sisi tulilijua lini, na mi nilivyorekebisha 388 palepale nimefuta kabisa kwamba kuna wakati tuliamini ni rejareja. Ukitaka yote mawili inabidi kila mstari uwe na jozi mbili za tarehe, ya kuwa kweli na ya kujulikana, na usirekebishe chochote palepale, na kila kweri ichague jozi zote mbili. Nilijaribu kwenye tebo ya pembeni, nikampa mwenzangu mmoja aandike ripoti rahisi tu ya mauzo kwa kanda, ikamchukua mchana mzima na bado ikatoka na oda mara mbili mbili.

Tukakubaliana kitu chepesi zaidi. Siku wanafunga robo, skripti inanakili matokeo ya ripoti kama yalivyo kwenye tebo ya kufungia, ina tarehe ya kufunga, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Akitaka ya Oktoba anaenda kule, akitaka ukweli wa leo anakuja huku, na tofauti ikitokea kuna ripoti ndogo inamwonesha mteja yupi kasababisha. C-2087 yupo mstari wa juu kabisa.